Rangi Iliyotangulia Dawa

Ndugu yangu alikuwa na figo mbili, na moja ilikuwa yangu. Tulikuwa tumeshakubaliana. Daktari wa Nairobi alipima damu zetu akasema zinapatana vizuri kuliko alivyotarajia, kisha akamtazama ndugu yangu tumboni na kumwambia: "Wewe punguza kilo. Rudi baada ya miezi michache ukiwa umepungua, tuendelee." Mama alilia kwa furaha pale pale kwenye kiti. Kwetu ni mama peke yake na sisi wawili, na mama ana sukari, kwa hiyo figo zake hakuna aliyezitaka. Kwa vile hakukuwa na mwingine, ilikuwa ndugu yangu au mashine ya kusafisha damu.

Figo zangu ziliharibiwa na presha ambayo hakuna aliyeijua hadi miguu ilipovimba viatu vikakataa kuingia. Tangu hapo naishi kwa ndugu yangu Nakuru, kwa sababu kutoka Kabazi, kijijini kwa mama, kwenda kusafishwa damu kila Jumatano na Jumamosi ni safari ya kumuua mtu mzima, sembuse mgonjwa. Nakunywa maji kwa kikombe kidogo cha chai, na hicho ni cha siku nzima. Mkojo wangu ni wa kuhesabu matone. Watu wenye afya hawajui utajiri wanaoumwaga chooni kila asubuhi huku wakipiga miayo.

Ndugu yangu anauza mabati na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa kukaa, wa chapati, na wa kucheka kabla hujamaliza kusimulia kichekesho. Alipoambiwa apungue, nilimshauri atembee tu, apande mlima wa Milimani asubuhi na kushuka. Alinijibu kwamba kutembea ni mazoezi ya wazee wenye kisukari. Akaenda akajiandikisha gym, ghorofa ya juu ya duka la spea za magari, na jioni hiyo alirudi na mkebe mweusi wa poda.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Creatine, sis. Kochi anasema inashika misuli, mafuta yanaisha yenyewe."

Mimi kila kinachoingia mdomoni mwa mwenye figo yangu nilikuwa nakipeleleza kama mke mwenye wivu. Nilimuuliza muuguzi wetu kule kwenye mashine, akasema mtu mwenye figo nzima haimdhuru akifuata kipimo, ila awaambie madaktari wanaompima kwamba anaitumia. Nikamwachia poda yake. Alichonificha ndugu yangu ni kwamba alikuwa pia amejinyima maji. Aliona mizani ikishuka akikaa na kiu, akadhani amevumbua siri.

Pale gym kulikuwa na desturi yao. Mgeni hubatizwa. Siku ya kwanza ya mazoezi anasimamishwa katikati, wenyeji wanamzunguka, na kochi anataja zoezi: kuchuchumaa na kusimama, kuruka, kujisukuma kwa mikono sakafuni, kujivuta kwenye chuma cha juu. Wote wanahesabu kwa sauti. Ukisimama kupumua, hesabu inaanza upya. Ukimaliza, unamwagiwa chupa ya maji kichwani, watu wanapiga makofi, na unaitwa ndugu. Sijui nani aliileta desturi hiyo, lakini katika nchi hii ukitaka mtu afanye jambo la kipumbavu, lifanye lifanane na kanisa.

Alibatizwa Ijumaa jioni. Hesabu ilianzwa upya mara kadhaa, aliniambia, akicheka. Alipopanda ngazi za nyumbani alishika ukuta.

Jumamosi asubuhi alitoka chumbani akitembea kama kuku aliyefungwa miguu, na mimi nikacheka hadi nikashika mbavu. Kila mtu anajua maumivu hayo. Hata mimi niliyalia nilipoanza sekondari tukapelekwa mbio za nyika. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akamwambia, "Boss, karibu kwa wanaume." Kochi alimtumia ujumbe: uchungu ni mafuta yanalia. Ndugu yangu alinisomea kwa fahari, kisha akanisindikiza hospitali kwenye mashine yangu akichechemea, na tukawa vilema wawili njiani, mmoja akimcheka mwenzake.

Jumapili tulikwenda Kabazi kumwona mama. Hapo kicheko kilianza kupungua. Ndugu yangu hakuweza kunyoosha mikono. Ilikuwa imekunjika kwenye viwiko, na mama alipojaribu kumnyoosha mmoja ili amvishe sweta, alipiga kelele. Mapaja yalijaa suruali. Kikombe cha maziwa alikishika kwa mikono miwili, na bado kilitetemeka. Alikunywa kidogo akasema anasikia kichefuchefu.

Mama alimtazama akasema neno ambalo kila mama wa kwetu angesema: "Hii ni brucella."

Msomaji wa mbali anisamehe, lakini hapa kwetu ng'ombe anakupa maziwa na ugonjwa. Kila nyumba ina mtu aliyewahi kutibiwa brucella, na kila anayeumwa viungo, akiwa na uchovu na homa kidogo, anajua jina la ugonjwa kabla ya kufika kwa daktari. Ndugu yangu alikuwa mtoto wa maziwa yasiyochemshwa. Duka la dawa la senta liko hatua chache kutoka kanisani. Mama mwenye duka alimdunga kidole, akadondosha damu kwenye kipande cha plastiki, mstari ukatokea. Tulikuja kuelezwa baadaye kwamba mstari huo ungeweza kutokea hata kwa brucella aliyougua akiwa mdogo akapona. Siku hiyo mstari ulikuwa mstari. Alichomwa sindano ya maumivu makalioni, akapewa vidonge vingine vya maumivu vya kumeza, na aina mbili za dawa za wiki sita.

"Hizi nyekundu zitakukojosha rangi hiyo hiyo," alimwonya. "Usishtuke. Hata machozi hubadilika."

Alisema kweli. Ndiyo dawa hiyo ilivyo, na watu wa kwetu wanalijua hilo kama wanavyojua majira ya mvua. Lakini nikikumbuka onyo lile sasa, natamani kurudi Kabazi nivunje vioo vya duka lile, ingawa mama yule hakusema uongo hata mmoja.

Jumatatu ndugu yangu hakwenda kazini. Jumanne hakuweza kuinuka kitandani bila kushikwa mabega. Choo cha ploti yetu ni cha kuchuchumaa na kiko mwisho wa ua, kwa hiyo nilimpa kopo. Mimi ndiye niliyelichukua kwenda kulimwaga. Nilipofungua kifuniko nilisimama. Ulikuwa mkojo kidogo mno, na rangi yake ilikuwa ya strungi, chai isiyo na maziwa iliyosahaulika jikoni.

Nilirudi na kopo mkononi.

"Ni zile dawa," alisema kabla sijauliza. "Tuliambiwa."

"Tuliambiwa nyekundu. Hii si nyekundu. Ni kahawia."

"Sis, wewe sasa unapima rangi ya mkojo wa watu?"

"Ndiyo. Huo mkojo nautaka kuliko wewe." Kisha nikamuuliza swali ambalo sijui lilitoka wapi, labda lilitoka kwa woga tu. "Ulianza lini?"

Aligeuza uso.

"Ulianza lini? Kabla ya vidonge au baada?"

Akasema kwa sauti ndogo kwamba ulianza Jumamosi usiku. Vidonge alivimeza Jumapili mchana. Rangi ilikuwa imetangulia dawa, naye aliposikia onyo la dukani alishukuru Mungu, kwa sababu sasa alikuwa na maelezo.

"Kwa nini hukusema?"

"Wakijua nimeugua, Nairobi watanifuta. Nilitaka ipite kimya kimya."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini mikono yake ilikuwa haigusiki. Huo ndio upendo niliopewa, upendo wa kufa kimya ili faili libaki safi.

Nilimpeleka hospitali ndogo iliyo karibu na kwetu, kwa sababu ndiyo aliyokubali. Afisa wa kliniki alikuwa kijana mwenye heshima. Alimsikiliza, akaona vidonge, akasema ndivyo vilivyoleta rangi. Alipima kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha kama figo zinafanya kazi. Mimi kreatinini naijua. Nambari yangu ya kreatinini naijua kama wengine wanavyojua ya kitambulisho. Jibu la ndugu yangu lilipokuja niliona lipo juu, juu sana kuliko lile la vipimo vya Nairobi.

"Unatumia supplement yoyote?" afisa akamuuliza.

Ndugu yangu akataja poda, na uso wa kijana ukalegea. Alieleza vizuri, na aliyosema yameandikwa vitabuni: kreatini ikivunjika mwilini huwa kreatinini, kwa hiyo anayeinywa anaweza kuonyesha nambari ya juu ilhali figo zake ni nzima. Aiache poda, amalize dawa za brucella, misuli itapoa yenyewe, arudi wiki ijayo. Ndugu yangu alinigeukia na uso wa mtoto aliyeachiliwa na mwalimu.

"Umesikia, sis? Ni poda."

Nilitaka sana kuamini. Mtu ambaye ameshakufa nusu hudanganywa kwa urahisi na habari njema. Kila alama ilikuwa imepata msemaji wake: maumivu yalisemewa na mazoezi, udhaifu na brucella, rangi na vidonge, nambari na poda. Kila msemaji alikuwa na ukweli kidogo. Nililala na huo ukweli mdogo mdogo, na usiku nilitambua kwamba ndugu yangu hakuomba kopo hata mara moja.

Jumatano nililala kwenye mashine yangu, sindano mbili mkononi, nikimsubiri daktari wa figo apite. Huwa anapita kitanda hadi kitanda, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Alipofika kwangu sikumpa nafasi ya kuuliza habari zangu. Nilimwambia yote kwa mpangilio: ubatizo Ijumaa, mikono isiyonyooka, mkojo wa strungi Jumamosi usiku, vidonge Jumapili, sindano ya maumivu, poda, kreatinini.

"Mkojo ulibadilika kabla ya vidonge?" aliuliza.

"Kabla."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, kitandani."

"Aletwe sasa hivi. Si kesho."

Jirani wa chumvi alimleta, akimbeba ngazini kama gunia. Mimi nilikuwa bado nimefungwa kwenye mashine, kwa hiyo niliyoyaona ni ya baadaye wodini, na mengine nilielezwa na daktari mwenyewe. Alimbonyeza mapaja akakuta yamevimba na kukakamaa. Akamwambia anyanyue mguu, ukashindikana. Alipima mkojo kwa kile kikaratasi kikaonyesha damu nyingi, lakini hakukiamini, kwa sababu rangi ya vidonge yaweza kukichafua. Akautazama mkojo kwa hadubini. Hakukuwa na chembe za damu. Basi akaagiza kipimo kinachoitwa CK, cha kitu kinachovuja kutoka ndani ya msuli ulioharibika. Nambari ilizidi uwezo wa mashine ya maabara, ikabidi damu ipunguzwe makali ndipo isomeke.

Nilimuuliza mbele ya kitanda, kwa sababu nilitaka ndugu yangu asikie pia: tungejuaje? Watu wote huumwa baada ya mazoezi.

"Huumwa, tena vibaya," alisema. "Unaweza kushindwa kushuka ngazi na bado ikawa kawaida. Lakini ya kawaida hukolea siku ya pili au ya tatu, halafu inalegea. Ukitembeatembea inapungua. Huyu alizidi kila siku. Msuli umevimba, hauna nguvu, mkono haunyooki, mkojo umebadilika. Na wengine mkojo haubadiliki kabisa, kwa hiyo usiungoje. Ukiwa na wasiwasi, pima CK. Hata ya kawaida huipandisha, lakini si hivi."

"Na poda?"

"Poda inaweza kusogeza kreatinini kidogo. Haisogezi hivi, na haipasui misuli. Misuli imepasuliwa na kazi ambayo hakuizoea, akiwa hana maji. Ile rangi ya nyama imemwagika kwenye damu, imekwenda kuziba figo. Halafu mkaongeza sindano na vidonge vya maumivu, ambavyo figo iliyo taabani haivitaki."

Ugonjwa huo una jina refu la kizungu ambalo mama hajawahi kulitamka. Yeye anauita ugonjwa wa poda hadi leo, na kochi naye anauita uvivu wa kunywa maji. Mimi nauita ubatizo.

Walimwekea dripu moja baada ya nyingine. Nilikaa kando ya kitanda chake na kiu yangu ya siku zote, nikitazama maji yakimwingia kwa lita, nikahisi kitu ambacho ni aibu kukisema: niliyaonea wivu. Kisha niliangalia mfuko wa mkojo ulioning'inia chini ya kitanda, nikauombea kama ninavyoombea watu. Jaa. Jaa tafadhali. Uliingia kidogo, mweusi, halafu ukakoma. Wakapunguza dripu, kwa sababu maji yasiyo na pa kutokea hupanda mapafuni. Mama alifika kutoka Kabazi na chupa ya uji, akamkuta mwanawe amevimba uso, akaniuliza kwa Kikuyu yupi sasa ni mgonjwa wake.

Ijumaa potasiamu, ile chumvi ya damuni, ilipanda. Sisi wa mashine tunaiogopa potasiamu kuliko shetani, kwani ndiyo inayosimamisha moyo bila kubisha hodi. Waliupima moyo wake kwa zile nyaya, daktari akatazama mistari na kusema asafishwe damu. Walimfanyia usiku ule, na akahitaji tena siku iliyofuata.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, siku yangu. Mashine moja ilikuwa imeharibika na wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi. Muuguzi aliniita kando. Hakujua aanzie wapi, akashika ukosi wa nguo yake.

"Dada, kuna emergency. Wewe unaweza kushikilia hadi Jumatatu?"

"Emergency gani?"

Aliinamisha macho, nami nikaelewa.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nilikaa kwenye benchi ya nje miguu ikijaa, pumzi ikiwa fupi, na kupitia kioo cha mlango nikamwona ndugu yangu kwenye kiti changu, damu yake ikizunguka ndani ya mashine ambayo alikuwa ameahidi kunitoa. Aliponiona alianza kulia. Hakuweza kujifuta kwa sababu mkono mmoja haukunyooka na mwingine haukutakiwa kusogea. Muuguzi ndiye aliyemfuta.

Nilikata tamaa siku hiyo. Watu husema kukata tamaa ni kama kuanguka shimoni. Mimi niliona ni kitu kikavu, cha kawaida, unakaa nacho kwenye benchi na mtu anakuuliza kama kuna nafasi na wewe unasogea.

Alipona, kwa namna yake. Baada ya wiki kadhaa mkojo ulirudi, kwanza kidogo, kisha mwingi hadi akawa anachekwa wodini. Mashine ikaachwa. Mikono ilinyooka. Mama alitoa sadaka ya shukrani kanisani Kabazi, na mchungaji akatuita mbele, akamwombea aliyepona na aliyebaki.

Miezi ilipopita tulirudi Nairobi. Tulikwenda wote watatu, mama akiwa amevaa kitenge kizuri, kwa sababu bado aliamini mambo yanaweza kubadilika mtu akivaa vizuri. Mlangoni muuguzi alimpandisha ndugu yangu kwenye mizani. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha. Alikuwa amepita hata kiwango alichoombwa.

"Hongera!" muuguzi alimwambia, bila kujua. "Wengi hushindwa."

Ndugu yangu alishuka kwenye mizani akavaa viatu.

Daktari alisoma majibu mapya, akarudia ukurasa wa kwanza, akavua miwani. Alisema hili ni jambo la kushukuru, kwamba wengine hubaki kwenye mashine maisha yao yote. Figo zimerudi, alisema, ila hazikurudi zote. Sehemu imebaki kovu. Asitumie dawa za maumivu ovyo, apime presha, aishi vizuri.

"Na ile nyingine?" mama akauliza. "Ile ya dada yake?"

"Mama, zilizobaki zinamtosha yeye."

Ndugu yangu alianza kusema kwamba atatia sahihi karatasi yoyote, kwamba ni mwili wake, kwamba anaweza kuishi na nusu. Daktari alimwacha amalize, kisha akasema hapana, kwa upole, akasema tena hapana. Mimi nilikuwa nikitazama kitenge cha mama. Alikuwa ameshikilia pindo lake kwa vidole viwili, akilikunja na kulikunjua.

Sasa imepita miaka. Naenda Jumatano na Jumamosi. Jina langu liko kwenye matumaini ya watu wanaoniombea, lakini hakuna mtu mwenye figo anayesubiri apungue kilo kwa ajili yangu. Ndugu yangu bado ananisindikiza, bado anaomba msamaha kwa njia za kijinga, analeta matunda ambayo siruhusiwi kula. Nimemwambia sina kinyongo, na ni kweli, sina. Nampenda. Ila asubuhi nikiwa kitandani nikisikia mlango wa choo cha uani ukifungwa, na yeye akikaa humo muda wa mtu mwenye figo, nageukia ukutani na kuvuta blanketi masikioni.